Karatasi ya sentensi inapokataa: sahili, ambatano au changamano?

Karatasi ninayoizungumzia hapa ina sentensi kumi na safu tatu za kujaza: aina ya sentensi, vishazi vilivyopigiwa mstari, na kiunganishi. Niliiandaa mwenyewe kwa ajili ya vijana wangu hapa Tukuyu. Nilipokusanya majibu nikagundua kwamba makosa yao hayakutawanyika ovyo. Yalikuwa yaleyale, yakijirudia kwenye sentensi zilezile. Kosa likijirudia hivyo, ujue lina chanzo, na chanzo kinatafutika.

Hizi ndizo sentensi zenyewe. Ukipenda, zijibu kwanza kabla ya kusoma mbele.

1. Baba na mama wameenda Mwanjelwa kuuza viazi.
2. Tulikuwa tukipalilia maharage bondeni.
3. Dada alichuma chai asubuhi na kuipeleka kituoni.
4. Mkulima aliyeuza parachichi jana amenunua bati.
5. Wazee wanasema kwamba baridi ya mwaka huu imezidi.
6. Alipanda basi Mafinga, akashuka Iringa, akapanda bajaji.
7. Tulichelewa shule kwa sababu ya ukungu.
8. Ukipanda viazi mapema utavuna kabla ya baridi.
9. Mama ni mkulima na baba ni fundi seremala.
10. Basi lililotoka Makambako liliharibika Igawa, lakini abiria walifika Uyole usiku.

Kijana mmoja anayekaa dirishani alipata nne kati ya kumi: namba 2, 3, 9 na 10. Nikamwita mezani. Nikamuuliza namba 1 kwa nini kaiita ambatano.

"Mwalimu, si kuna 'na' hapo?"

"Na namba 4 je, mbona umeandika sahili?"

"Haina kiunganishi, mwalimu."

Basi ugonjwa ukajulikana palepale. Kijana hakuwa anasoma sentensi. Alikuwa anasaka maneno. Akiona "na" au "lakini" anaandika ambatano, akiona "kwa sababu" anaandika changamano, asipoona kitu anaandika sahili. Hata zile nne alizopata, alizipata kwa bahati.

Njia hiyo inaponza kwa sababu ya tabia ya Kiswahili chenyewe. Kiungo cha vishazi vyetu mara nyingi hakisimami peke yake kama neno. Kimejificha tumboni mwa kitenzi: -ye- ya "aliyeuza", -lo- ya "lililotoka", -ki- ya "ukipanda", -po- ya "alipofika". Anayetafuta neno la kuunganisha atapita juu yake bila kuliona. Kwa hiyo mimi huwaambia waanze na vitenzi, kiunganishi kije mwisho kabisa, ingawa kwenye karatasi safu yake ndiyo inayovuta macho.

Kazi ya kwanza ni kuweka nukta ya penseli chini ya kila kitenzi chenye kiambishi cha nafsi au cha ngeli mwanzoni, na chini ya kila "ni" au "si" inayofanya kazi ya kitenzi. Kitenzi kinachoanza na ku- tu, kama "kuuza", kipe alama ya kuuliza, maana hicho kitahitaji kesi yake. Ukimaliza, hesabu nukta. Baada ya hapo ndipo tunaanza kuangalia dalili.

## Dalili: nukta moja tu, lakini umeandika ambatano

Namba 1 ina "na", ndiyo. Lakini hiyo "na" imeunganisha nini? Baba na mama. Ni nomino mbili zilizokaa pamoja kwenye kiima. Kitenzi chenye nafsi ni kimoja, "wameenda". Hiyo "kuuza" inaeleza tu walichokiendea, wala haina mtendaji wake wala njeo yake. Sentensi ni sahili, na safu ya kiunganishi cha vishazi inaachwa wazi au inaandikwa "hakuna".

Kipimo chake ni chepesi: funika kwa kidole kilichoko kushoto kwa "na", kisha soma kilichobaki kulia. "Mama wameenda Mwanjelwa" haikai sawa, upatanisho umevunjika. Sasa fanya hivyohivyo kwenye namba 9. "Baba ni fundi seremala" imesimama. Upande wa kushoto, "Mama ni mkulima", nao umesimama. Hiyo ndiyo "na" ya kuunganisha vishazi, na namba 9 ni ambatano. Wengi waliokosa namba 9 hawakukosa kwa sababu ya "na". Walikosa kwa sababu hawakuihesabu "ni" kuwa kitenzi, kwa kuwa haibadiliki, haina njeo, ni silabi moja tu. Lakini ni kitenzi kishirikishi, nacho kinabeba kishazi kizima mgongoni.

Namba 7 ni ndugu wa namba 1. Maneno "kwa sababu" yapo, kijana akaandika changamano. Angalia neno linalofuata: "ya". "Kwa sababu ya ukungu." Baada ya "ya" kuna nomino, hakuna kitenzi. Nukta ni moja, chini ya "tulichelewa". Sahili. Ingekuwa "Tulichelewa shule kwa sababu ukungu ulikuwa mzito," hapo kungekuwa na kitenzi upande wa pili, na sentensi ingekuwa changamano.

## Dalili: vitenzi viwili vimefuatana, umevigawa vishazi viwili

Binti anayekaa mstari wa mbele anajua viambishi vizuri kuliko wenzake, na namba 2 ndiyo iliyomwangusha. Aliandika changamano, na kwenye safu ya kiunganishi akaandika -ki-. Nilimpa pole, kwa sababu kosa lake lilikuwa la mtu anayefikiri.

"Tulikuwa tukipalilia" ina nukta mbili, lakini kazi ni moja. "Tulikuwa" ni kitenzi kisaidizi, kinatoa njeo. "Tukipalilia" ni kitenzi kikuu, kinatoa tendo. Wote wawili wana mtendaji mmoja, "sisi", na huwezi kuwaweka "na" katikati: "tulikuwa na tukipalilia" haisemeki. Ndiyo maana vitenzi hivi viwili vinahesabiwa kishazi kimoja. Andika Ts na T chini yake, chora mstari mmoja, uende mbele.

Sasa ile -ki-. Kiambishi hiki kina kazi zaidi ya moja. Baada ya "kuwa", -ki- inaonyesha tendo lililokuwa likiendelea. Kwenye namba 8, "Ukipanda viazi mapema", -ki- hiyohiyo inaonyesha sharti. Namna ya kuzitenganisha ni kujaribu kuziondoa. Namba 8 inakubali "Kama utapanda viazi mapema, utavuna kabla ya baridi," maana ni ileile. Namba 2 haikubali "Tulikuwa kama tutapalilia". Inakubali "Tulikuwa tunapalilia". Kwa hiyo -ki- ya namba 8 imejenga kishazi tegemezi, na ya namba 2 haikujenga kitu.

Kuna -ki- ya tatu ambayo haikuwemo kwenye karatasi, lakini mtu aliniuliza: "Nilimwona mjomba akishuka kwenye basi." Hapa kuna watendaji wawili. Mimi niliona, mjomba alishuka. Huwezi kusema kitenzi kimoja kinamsaidia mwenzake wakati kila kimoja kina mtu wake. "Akishuka kwenye basi" ni kishazi tegemezi, na sentensi ni changamano.

## Dalili: kuna "na", halafu kitenzi cha ku-, na hujui pa kuiweka

Hii ndiyo namba 3, nayo ndiyo iliyotuchukua muda mrefu kuliko zote. Hata walimu huigombania chumba cha walimu chai ikipoa.

"Dada alichuma chai asubuhi na kuipeleka kituoni." Nukta ni moja, alama ya kuuliza ni moja. Ukifuata hesabu kavu utasema ni sahili. Lakini sikiliza sentensi. Dada alifanya mambo mangapi? Mawili. Alichuma, kisha akapeleka. Kiswahili kinapopanga matendo ya mtu yuleyule katika njeo ileile, kinaruhusu kitenzi cha pili kuvua nafsi na njeo yake na kubaki na ku-. Ni kama mtu aliyevua koti mlangoni: yu ndani, na koti lake linajulikana.

Kipimo ni kumrudishia koti. "Dada alichuma chai asubuhi na aliipeleka kituoni." Au "…akaipeleka kituoni." Maana haikubadilika hata kidogo. Basi "kuipeleka" ni kitenzi chenye kishazi chake, na sentensi ni ambatano. Angalia pia kwamba ndani yake kuna -i- inayorejelea chai. Hiyo inatia nguvu, ingawa haitoshi peke yake.

Sasa weka kando yake sentensi hii: "Dada anapenda kuchuma chai na kuimba." Mrudishie koti: "Dada anapenda kuchuma chai na anaimba." Umeona? Maana imehama. Ya kwanza inasema anapenda mambo mawili. Ya pili inasema anapenda jambo moja, na jambo lingine analifanya. "Kuchuma" na "kuimba" hapa ni vitenzi-jina, vimekaa mahali pa nomino baada ya "anapenda", kama vile ungesema anapenda chai na nyimbo. Sentensi ni sahili.

Kwa hiyo huwezi kuweka kanuni kwamba "na" ikifuatwa na ku- ni ambatano, wala kwamba ni sahili. Lazima urudishe njeo na usikilize. Nawaruhusu wanafunzi waandike sentensi iliyorudishiwa njeo pembeni kwa penseli, ili nione walivyofika. Mtu akiniandikia "ambatano" bila hiyo, sijui kama alijua au alibahatisha.

Kijana wa dirishani alipata namba 3 kwa kuona "na". Nikampa ile ya "anapenda kuchuma chai na kuimba". Akaandika ambatano tena. Bahati ilikuwa imeisha.

## Dalili: hakuna neno la kuunganisha, umeandika sahili

Hapa kuna namba 4, 6 na 8, na vyanzo vyake ni viwili tofauti kabisa.

Chanzo cha kwanza ni rejeshi. "Mkulima aliyeuza parachichi jana amenunua bati" ina nukta mbili, chini ya "aliyeuza" na chini ya "amenunua". Kijana aliona "aliyeuza" akadhani ni maelezo tu ya mkulima, kama "mkulima hodari". Hakukosea sana, kwa kuwa kazi yake ni kweli kama ya kivumishi. Lakini kivumishi hiki kina mtendaji, kina njeo, na kina yambwa yake, parachichi. Hicho ni kishazi. Na kwa kuwa ukikisema peke yake, "aliyeuza parachichi jana", msikilizaji anabaki anasubiri, ni kishazi tegemezi. Sentensi ni changamano.

Kama una wasiwasi na -ye-, ibadilishe iwe amba-: "Mkulima ambaye aliuza parachichi jana amenunua bati." Ikikubali, ni rejeshi. Kipimo hiki kinaokoa, kwa sababu lugha ina mitego. "Shangazi alipokea simu." Mwanafunzi aliyejua -po- ya wakati ataidaka hiyo "alipo-" na kuandika changamano. Jaribu: "wakati ambapo alikea simu". Hakuna kitenzi "kukea". Hiyo -po- ni ya mzizi, "pokea", na sentensi ni sahili. "Alipoteza", "alipona" na "alipoa" ni jamaa wa ukoo huohuo. Na "Mpishi aliyeyusha siagi" ina "aliye-" mwanzoni lakini mzizi ni "yeyusha". Nimewahi kuona karatasi iliyochapwa, yenye majibu nyuma, ikimwekea "alipokea" alama ya kishazi tegemezi. Tangu hapo majibu ya nyuma nayakagua kwanza.

Chanzo cha pili ni -ka-. "Alipanda basi Mafinga, akashuka Iringa, akapanda bajaji." Nukta tatu, kiunganishi hakuna, koma mbili. Waliojaribu waligawanyika: wengine sahili, wengine changamano kwa hoja kwamba "akashuka Iringa" haiwezi kuanza mazungumzo peke yake, kwa hiyo inategemea. Hoja hiyo naiheshimu. Ni kweli -ka- inahitaji kitenzi cha kuitangulia. Lakini inachokidai ni mpangilio wa matukio. Haikifanyi kishazi chake kuwa sehemu ya kishazi kingine. "Akashuka Iringa" haielezi basi, haijibu "lini" wala "kwa nini" ya kupanda. Ni tukio la pili lenye uzito uleule. Ukiweka "na alishuka Iringa na alipanda bajaji", umepata habari ileile kwa sauti mbaya zaidi. Ni ambatano yenye vishazi huru vitatu. Kwenye safu ya kiunganishi andika: "hakuna neno, koma na -ka-".

Namba 8 tumeshaigusa. Kiungo ni -ki-, kishazi tegemezi ni "Ukipanda viazi mapema", na kishazi huru ni "utavuna kabla ya baridi". Wengine waliongeza kwamba "kabla ya baridi" nacho ni kishazi. Hapana, ni uleule mtego wa "kwa sababu ya": baada ya "ya" kuna nomino tu. Kuhusu -nge- na -ngali-, kama "Mvua ingenyesha mapema tungepanda viazi," shule nyingi zinaiweka kwenye aina ya nne, sentensi shurutia. Karatasi yako ikiwa na aina hiyo, iweke huko. Ikiwa na aina tatu tu, iweke changamano, maana "mvua ingenyesha mapema" haisimami bila mwenzake. Ugumu ni kwamba na huyo mwenzake pia ana -nge-, kwa hiyo usitumie muda mwingi kutafuta aliye huru kamili. Taja -nge- mara mbili, ule wa sharti na ule wa matokeo.

## Dalili: pande zote mbili zinasimama, ukaandika ambatano, ukakosa

Namba 5. "Wazee wanasema kwamba baridi ya mwaka huu imezidi." Mwanafunzi anafunika kushoto, anasoma "baridi ya mwaka huu imezidi", imesimama. Anafunika kulia, "wazee wanasema", naye anaona imesimama. Basi anaandika ambatano, kiunganishi "kwamba".

Kipimo cha kufunika kinamdanganya hapa kwa sababu alikifanya upande mmoja vibaya. Uliza: wazee wanasema nini? "Wanasema" inadai kitu cha kusemwa. Kitu hicho ni kishazi kizima kinachoanza na "kwamba", kimekaa mahali ambapo nomino ingekaa, kama "wanasema ukweli". Kishazi kilichokalia kiti cha nomino ndani ya kishazi kingine hakiwezi kuwa sawa naye. Ni tegemezi. Changamano.

"Kuwa" inaweza kufanya kazi ya "kwamba", na inaleta mkanganyiko wake: "Wazee wanasema kuwa baridi imezidi" ni changamano, lakini "Mdogo wangu anataka kuwa daktari" ni sahili. Badilisha "kuwa" kwa "kwamba". Ikikubali, ni kiunganishi. "Anataka kwamba daktari" haikubali.

Kwa "ingawa", "kwa kuwa", "kwa sababu" na "ili", napenda kipimo cha kuhamisha. Kishazi tegemezi chenye viunganishi hivi kinaweza kwenda mwanzo kikiwa na kiunganishi chake: "Tulichelewa kwa sababu ukungu ulikuwa mzito" inakuwa "Kwa sababu ukungu ulikuwa mzito, tulichelewa." Jaribu hivyo na "lakini": "Tulichelewa lakini tuliruhusiwa kuingia" ikigeuzwa "Lakini tuliruhusiwa kuingia, tulichelewa" inakuwa kichekesho. "Lakini", "au", "bali" na "wala" hukaa katikati ya vishazi vya uzito sawa na hazihami.

## Dalili: aina umepata, mistari imekataa

Hii ni ya mikono kuliko akili, lakini inakula alama. Mimi natumia mstari mmoja kwa kishazi huru, mistari miwili kwa kishazi tegemezi, na duara kwa kiungo. Hapa siwezi kuchora, kwa hiyo nitatumia mabano ya mraba, nikiandika KH kwa kishazi huru na KT kwa kishazi tegemezi.

Kosa la kwanza ni la namba 4. Wengi walipiga hivi:

[Mkulima aliyeuza parachichi jana — KT] [amenunua bati — KH]

Wamemchukua mkulima wakamweka upande wa tegemezi. Lakini mkulima ndiye kiima cha "amenunua". Ukimwondoa, kishazi huru kinabaki bila mwenyewe. Tegemezi kinaanzia kwenye kitenzi chenye rejeshi:

[Mkulima] … [amenunua bati] — KH
[aliyeuza parachichi jana] — KT

Kwa hiyo mstari wa kishazi huru unakatika katikati na kuendelea ng'ambo. Hilo linawasumbua wanafunzi, wanadhani mstari ukikatika ni kosa. Siyo kosa. Weka namba 1 chini ya vipande vyote viwili ili msahihishaji aone ni kishazi kimoja.

Kosa la pili ni mahali pa kiunganishi. Kwenye changamano, "kwamba" au "kwa sababu" inaingia ndani ya mstari wa kishazi tegemezi, kwa sababu ndiyo inayokifanya kiwe tegemezi. Kwenye ambatano, "na" au "lakini" inaachwa nje ya mistari yote miwili, na duara lake katikati. Rejeshi nalo huwezi kulitoa nje ya kitenzi, hivyo zungushia silabi tu, -ye- au -lo-, pale lilipo.

## Dalili: sentensi moja inaonekana kuwa aina mbili

Namba 10 niliiweka mwisho makusudi. "Basi lililotoka Makambako liliharibika Igawa, lakini abiria walifika Uyole usiku."

Nukta tatu: "lililotoka", "liliharibika", "walifika". Kijana aliona "lakini" akaandika ambatano, akapata aina. Ila alipiga mistari miwili tu, na "lililotoka Makambako" ikamezwa. Binti wa mbele aliona -lo- akaandika changamano, akasahau "lakini".

Anza na kiungo kikubwa, kile kinachogawa sentensi yote mara mbili. Ni "lakini". Kushoto kwake kuna "Basi lililotoka Makambako liliharibika Igawa", ambayo peke yake ni changamano. Kulia kuna "abiria walifika Uyole usiku", ambayo peke yake ni sahili. Sentensi ambatano inaweza kuunganisha sahili na sahili, changamano na sahili, hata changamano na changamano. Jina la sentensi nzima linatokana na kiungo kikubwa, kwa hiyo ni ambatano. Mistari inakuwa hivi:

[Basi] … [liliharibika Igawa] — KH 1
[lililotoka Makambako] — KT, kiungo -lo-
lakini — kiunganishi, nje ya mistari
[abiria walifika Uyole usiku] — KH 2

Jihadhari na silabi "li" zilizorundikana kwenye "lililotoka": ya kwanza ni ngeli ya basi, ya pili ni njeo iliyopita, na rejeshi ni -lo-. Katika "liliharibika" kuna ngeli na njeo tu, rejeshi hakuna. Ndiyo maana cha kwanza ni tegemezi na cha pili ni huru, ingawa vyote vimeanza kwa "lili-".

Wiki mbili baadaye niliwapa karatasi ya pili. Kijana wa dirishani alipata nane. Moja ya zile mbili alizokosa ilikuwa "Wiki iliyopita tulivuna viazi." Alikuwa ameweka nukta chini ya "iliyopita", akazungushia -yo-, akaandika changamano. Jibu langu lilisema sahili, kwa kuwa "wiki iliyopita" tumezoea kuichukua kama kielezi cha wakati, sawasawa na "jana". Akaja mezani, akaniambia taratibu, "Mwalimu, lakini nimejaribu 'wiki ambayo ilipita' na imekubali."

Nikakiangalia kipimo changu mwenyewe kikinigeuka. Nikampa alama yake, na kwenye karatasi ya mwaka unaofuata nikaifuta "wiki iliyopita", nikaandika "juzi".